Kukopa kwenye akiba yako ya pensheni: riba unajilipa mwenyewe, sasa hasara iko wapi?

#1 Nyota ya Jioni
Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 35, na akiba yangu kwenye mfuko wa pensheni imefika milioni 10 (kila mtu aweke fedha ya kwao, hesabu haibadiliki). Skimu yetu inaruhusu mwanachama kukopa sehemu ya akiba yake. Nataka milioni 4, nirudishe kwa miaka 5, riba asilimia 6 kwa mwaka, makato yanapitia kwenye mshahara. Riba yote inarudi kwenye akaunti yangu.

Kuna kaka ofisini ananiambia nitajuta, nitapoteza mamilioni. Nikimuuliza mamilioni gani, anajibu "ukuaji" na kuondoka. Mimi naona natoa hela mfuko wa kushoto naweka wa kulia, tena na nyongeza juu. Mwenye namba aziweke hapa. Vitisho sitaki.

#2 Chura Kimya
Nimevuta kiti. Ngoja waje wenye kalkuleta.

#3 Kibubu Kizito
Dada, chukua hela yako. Huo ndio mkopo wa bure pekee duniani. Benki ukilipa riba anakula mwenye benki, hapa unakula wewe. Wanaokutisha ni wale wanaotaka hela ikae huko ili waendelee kukata ada ya usimamizi.

Ubaya ninaoujua ni mmoja tu: kodi unalipa mara mbili. Mchango uliingia bila kukatwa kodi, sasa unarudisha mkopo kwa mshahara uliokwisha kukatwa, halafu ukistaafu wanakukata tena. Hilo ndilo la kulalamikia, hayo mengine porojo.

#4 Babu Daftari
Wanangu, mimi nimeshastaafu na nimekopa kwa pensheni. Kila mwezi wananikata kabla haijanifikia, nabaki na kiasi kidogo. Na bima ya maisha wakaniwekea juu, nikifa deni limalizwe. Msikope.

#5 Dada Mizani
Shikamoo Babu. Yako ni habari nyingine. Wewe ulikopa benki au taasisi ya mikopo, dhamana ikawa pensheni yako ya kila mwezi. Hela iliyokuwa inakua haikuguswa, kilichopungua ni kipato chako cha sasa. Nyota bado yuko kazini na anataka kuchomoa hela iliyowekezwa. Ushauri wako unaweza kuwa sahihi, ila kwa sababu tofauti.

#6 Babu Daftari
Marahaba mwanangu. Deni ni deni.

#7 Karani wa Zamani
Salamu wote. Nimekaa miaka mingi kwenye ofisi ya kuendesha skimu, fomu hizi nimezipitisha sana. Nianze na Kibubu (#3), maana kachanganya la kweli na lisilo la kweli.

Riba unayojilipa si gharama, hapo yuko sawa. Lakini si faida pia. Ni hela yako ya mshahara inayohamia kwenye akiba yako, kama vile umeongeza mchango. Hukuchuma chochote kwa mtu mwingine. Ndiyo maana kuuliza "riba ni asilimia ngapi" hakukuonyeshi gharama ya mkopo huu. Swali ni hili: ile milioni 4 ingebaki kwenye uwekezaji ingezaa nini katika muda ambao iko nje?

Tumchukue Nyota. Tuseme mfuko unakua asilimia 10 kwa mwaka. Milioni 4 ikiachwa miaka 5 inakuwa 6,442,000. Akikopa, rejesho la kila mwezi ni 77,331, na kila rejesho likiingia linaanza kukua tena kwa asilimia 10 ileile. Mwisho wa mwaka wa 5 marejesho yote pamoja na ukuaji wake yanafika kama 5,920,000. Pengo ni kama 521,000.

Anayetaka kujaribu mwenyewe afungue jedwali la kompyuta aandike:

```
=PMT(6%/12,60,-4000000)
=FV(1.1^(1/12)-1,60,-77331)
```

Mstari wa kwanza unatoa rejesho la mwezi, wa pili unaonyesha marejesho yamekuwa kiasi gani. Badilisha namba ziwe zako.

Mnaona pengo si milioni 4, wala si ukuaji wote wa milioni 4. Deni linapungua kila mwezi, kwa hiyo hela iliyo nje nayo inapungua. Kinachopotea ni tofauti kati ya asilimia 10 na 6, kwenye salio linaloshuka.

#8 Chura Kimya
Kwa hiyo yale mamilioni ya kaka wa ofisini ni laki tano. Dada Nyota, kamwambie.

#9 Karani wa Zamani
Usikimbilie, Chura. Hiyo laki tano haipo siku ya mwisho ya mkopo, na haitakuwepo miaka 20 inayofuata hadi afike 60. Kwa asilimia 10 ileile, 521,000 iliyokosekana inakuwa 3,508,000 siku ya kustaafu. Kaka wa ofisini hakudanganya, alishindwa tu kuonyesha njia.

Kuhusu kodi mara mbili. Milioni 4 uliyoitoa uliitumia yote bila kukatwa kodi. Unairudisha kwa hela iliyokatwa kodi, halafu itakatwa ukistaafu. Ukiihesabu kuanzia mwanzo, kila shilingi ya ule mtaji imekatwa kodi mara moja kwa matumizi ya sasa na mara moja kwa matumizi ya uzeeni, na ni matumizi mawili tofauti. Inayokatwa mara mbili kweli ni riba peke yake, ambayo kwa Nyota ni kama 640,000 kwa miaka yote mitano. Na hilo linawahusu walio kwenye mfumo unaotoza kodi mafao. Pasipotozwa, hoja nzima inaanguka.

#10 Kibubu Kizito
Karani, nimekuelewa nusu. Nusu nyingine nitaisoma asubuhi.

#11 Dada Mizani
Karani, hesabu yako nzuri ila 3,508,000 ya miaka 25 ijayo haitanunua inachonunua leo. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 5 kwa mwaka, hiyo ni kama milioni moja na kidogo kwa thamani ya leo. Bado ni hela, lakini tusimtajie mtu namba ya mwaka wa kustaafu halafu alinganishe na mshahara wa mwezi huu. Ndivyo mawakala wa bima wanavyotupata.

#12 Mpanda Ngazi
Tena hiyo asilimia 10 kaitoa wapi? Mfuko uliowekeza kwenye hisa haukui kwa mstari ulionyooka. Mwaka 2008 hisa za kampuni 500 kubwa za Marekani zilipoteza asilimia 37. Aliyechomoa hela yake mwishoni mwa 2007 akaanza kuirudisha kidogo kidogo mwaka mzima bei zikishuka, alinunua kwa bei ya kutupa. Mkopo ulimlinda. Kwa hiyo "hasara ya ukuaji" inaweza kuwa faida.

#13 Karani wa Zamani
Mpanda, inaweza. Lakini watu hawakopi kwenye pensheni kwa sababu soko liko juu. Wanakopa mambo yakiwa magumu, na mara nyingi ndipo soko nalo liko chini. Mwaka 2020 ni mfano mzuri. Kuanzia Februari hadi tarehe 23 Machi hisa hizo ulizozitaja zilianguka kama theluthi moja. Sheria ya dharura ya Marekani ikapandisha kikomo cha kukopa kwenye mifuko yao ya 401(k) kutoka dola 50,000 hadi 100,000. Ilipofika Agosti soko lilikuwa limerudi lilipokuwa. Aliyekopa Aprili aliuza vipande vyake kwa bei ya chini, akarudi kununua taratibu bei zikipanda. Hasara yake ni kubwa kuliko hiyo ya asilimia 10 yangu.

Na wengine wako kwenye mifuko inayotangaza riba moja kila mwaka, haipandi haishuki kwa fujo. Huko bahati ya 2008 haipo, na hesabu niliyoitoa inakaribia ukweli zaidi. Asilimia usichukue yangu. Chukua wastani wa miaka 10 wa mfuko wako, toa ada.

#14 Msafiri wa Kesho
Niongeze yangu, maana mnaongea kama ajira ni ya milele. Nilikopa kiasi hichohicho, masharti yanafanana na ya Nyota. Mwaka wa pili ukaisha vizuri, halafu mwajiri akapunguza wafanyakazi, nikawemo. Skimu ikaniandikia barua: salio la mkopo lilipwe lote ndani ya siku chache, la sivyo linahesabiwa kuwa nimejichukulia mafao mapema.

Nilikuwa sina mshahara, ningelipa na nini? Wakakata kwenye akiba, na kodi ikanifuata juu yake, kodi ya hela niliyokuwa nimeshaitumia zamani. Kilichoniuma si ukuaji. Ni kudaiwa kodi mwezi ambao sina kipato.

#15 Nyota ya Jioni
Pole sana Msafiri. Hilo sikuliona kabisa kwenye fomu. Mkopo wako ulikuwa umebaki kiasi gani?

#16 Karani wa Zamani
Ngoja nimjibie kwa namba zako, Nyota. Mkopo wa milioni 4 kwa asilimia 6, baada ya miezi 24 umebaki kama 2,540,000. Watu hudhani wakilipa miaka 2 kati ya 5 wamemaliza asilimia 40. Wamemaliza pungufu kidogo, kwa sababu mwanzoni riba inakula sehemu kubwa zaidi ya rejesho kuliko mwishoni.

Hiyo milioni mbili na nusu ndiyo hatari yenyewe. Kanuni zinatofautiana. Marekani zamani walioacha kazi walikuwa wanapewa kama siku 60. Tangu 2018 wana muda hadi mwisho wa kuwasilisha hesabu za kodi za mwaka huo, na wasipolipa inahesabiwa wamechukua mafao: kodi ya kipato, na kama hawajafika miaka 59 na nusu kwa kawaida adhabu ya asilimia 10 juu. Kwenye skimu nyingine unaruhusiwa kuendelea kulipa hata ukiwa nje. Kwenye kanuni za skimu hiki ni kifungu cha kusoma kabla ya kile cha riba.

#17 Msafiri wa Kesho
Na mtu akisema "kazi yangu ni ya uhakika", mimi pia nilisema.

#18 Mama Ratiba
Mimi nina swali dogo, msinicheke. Nilipokopa, mwezi uleule nilisimamisha mchango wangu ili mshahara usibanwe na makato mawili. Ofisi ya rasilimali watu ndiyo iliyonishauri. Je, hilo limo kwenye hesabu ya Karani?

#19 Karani wa Zamani
Halimo, mama, na umegusa penyewe. Hakuna anayekucheka.

Tuseme Nyota anachangia 50,000 kwa mwezi, 25,000 zake na 25,000 za mwajiri. Akisimamisha kwa miaka 5 ya mkopo, hiyo michango ingekuwa imefika 3,828,000. Iache miaka 20 zaidi, ni kama 25,750,000 siku ya kustaafu. Linganisha na ile 3,508,000 ya mkopo wenyewe. Mkopo ulichoma kidole, kusimamisha mchango kukachukua mkono.

Nimeona mafaili mengi ya watu waliofika kustaafu na akiba nyembamba, wakalaumu mkopo. Ukifungua taarifa zao unakuta mkopo ulilipwa wote, ila kuna miaka mitatu au minne mfululizo safu ya michango ina sifuri.

#20 Dada Mizani
Hapana Karani, hapo unaonea. Zile 25,000 zake mwenyewe hakuzitupa, alizila. Alilipia karo, alilipia rejesho. Huwezi kuzihesabu kama hasara halafu usihesabu alichonunua. Hasara halisi ni 25,000 za mwajiri, ambazo hazikuja kabisa. Hizo ni nusu, kama 12,876,000.

#21 Karani wa Zamani
Kama mwajiri anachangia kwa sharti kwamba nawe uchange, nakubali ile nusu ndiyo hasara isiyo na ubishi. Nusu nyingine tunaweza kubishana hadi kesho. Anayekula leo anapunguza ya kesho, hilo mimi nalihesabu.

#22 Dada Mizani
Kila anayekula leo anapunguza ya kesho, hata bila mkopo. Basi tuhesabu na ugali.

#23 Chura Kimya
Tangu bandiko la 20 nimeacha kazi ya bosi, nasoma hapa. Na mimi nimesimamisha mchango.

#24 Kibubu Kizito
Asubuhi imefika, nimesoma. Ila bado nasema kuna siku kukopa huko ni busara. Jirani yangu ana mkopo wa asilimia 24 kwa mwaka. Huyo naye mtamwambia aache hela ikue kwa asilimia 10?

#25 Nyota ya Jioni
Kibubu umenisaidia, maana hilo ndilo langu hasa na sikuliandika mwanzo. Milioni 4 ni ya kuzima mkopo wa taasisi moja, asilimia 2 kwa mwezi, umebaki miaka 5. Sikutaka mjue nilivyouingia.

#26 Karani wa Zamani
Ungeanza na hilo tungekuwa tumelala.

Milioni 4 kwa asilimia 2 kwa mwezi, miezi 60, unalipa 115,072 kila mwezi. Ukizima kwa hela ya pensheni unalipa 77,331. Unaokoa 37,741 kwa mwezi. Ukiziweka hizo kwenye akiba inayokua asilimia 10, miaka 5 ikiisha una kama 2,889,000. Toa lile pengo la 521,000, bado umetangulia kwa zaidi ya milioni 2.

Mpaka wenyewe uko hapa: ukilinganisha mikopo miwili, pensheni au ya nje, chukua riba ya ile ya nje uilinganishe na ukuaji wa mfuko. Ya nje ikizidi ukuaji, ya pensheni ni nafuu. Ikiwa chini ya ukuaji, kopa nje hela ibaki. Ile asilimia 6 unayojilipa haiingii kwenye mizani hii. Na ukuaji wa asilimia 10 ni matumaini, wakati riba ya asilimia 24 itakuja hata mvua isiponyesha. Kwa hiyo hata pakikaribiana, mimi nampendelea anayezima deni.

#27 Mama Ratiba
Lakini hiyo 37,741 nani ataiweka? Mimi nilizima deni kwa njia hiyohiyo. Hela iliyobaki kila mwezi sikumbuki ilikwenda wapi, na mwaka uliofuata nilikuwa na deni jingine kulekule. Nikawa na mawili.

#28 Dada Mizani
Hilo ndilo pengo la kweli kwenye jedwali la Karani. Jedwali linachukulia kwamba mtu anabaki yuleyule, deni tu ndilo limebadilika.

#29 Karani wa Zamani
Sina jibu la hilo. Ninachojua, waliofanikiwa waliagiza ile tofauti ikatwe kwenye mshahara siku ileile ya makato ya mkopo, iingie kama mchango wa hiari. Waliosema "nitaweka mwenyewe" wengi hawakuweka.

Na kuna jambo linalofurahisha kwa mwenye kupenda namba. Ukitaka kuziba pengo lote la 521,000, kama skimu inapokea mchango wa hiari, ongeza 6,811 tu kwa mwezi kwa miaka 5. Ni sawa na kama ungejikopesha kwa asilimia 10 badala ya 6. Ndiyo maana mwanachama akinung'unika kwamba riba ya skimu iko juu nilikuwa nashangaa. Riba kubwa unayojilipa ni akiba ya lazima.

#30 Mpanda Ngazi
Isipokuwa ikiwa huilipi kwako. Skimu ya shemeji yangu riba ya mkopo inaingia kwenye mfuko wa pamoja wa wanachama wote.

#31 Karani wa Zamani
Sahihi kabisa, na mahali pa kulitambua ni kwenye taarifa ya mwaka. Tafuta taarifa ya mtu aliyekopa. Kama salio la akiba yake limeshuka kwa kiasi cha mkopo, basi alijikopesha mwenyewe, na riba inarudi kwake. Kama salio limebaki kamili na linaendelea kupewa gawio, huku mkopo ukiwa kwenye mstari wake pembeni, basi alikopeshwa na mfuko wa pamoja. Huyo wa pili hakupoteza ukuaji wowote, ila riba yake ni gharama halisi kama ya benki. Kwa huyo hesabu yangu yote ya juu haifai, alinganishe riba kwa riba.

#32 Jicho la Mlangoni
Kuna aina ya tatu hamjaitaja. Kenya kuna njia ambayo hela haitoki kabisa kwenye skimu: unaweza kuweka hadi asilimia 60 ya akiba yako kuwa dhamana ya mkopo wa nyumba, benki ndiyo inayokukopesha. Akiba inaendelea kukua. Skimu inaguswa ukishindwa kulipa.

Na Singapore wanakuruhusu kutumia akiba ya mfuko wao kununua nyumba, lakini ukiiuza unarudisha kiasi ulichotoa pamoja na riba ambayo kingezaa kama kingebaki, asilimia 2.5 kwa mwaka. Kuna watu wanauza nyumba kwa faida halafu wanashangaa mkononi hawabaki na kitu. Ule ukuaji mnaobishania hapa, wao wanaudai kwa maandishi.

#33 Kibubu Kizito
Hiyo ya Singapore ni kali. Lakini si inarudi kwenye akiba yake mwenyewe?

#34 Jicho la Mlangoni
Ndiyo, yake. Ila hawezi kuitumia jioni hiyo.

#35 Babu Daftari
Huyu binti akishazima deni asisimamishe mchango. Hilo nimelielewa.

#36 Chura Kimya
Babu kamaliza uzi kwa sentensi moja. Karani rudi ukalale.

#37 Nyota ya Jioni
Nimerudi. Nimekwenda ofisi ya skimu na maswali yenu kwenye karatasi. Mchango unaendelea, mwajiri naye anaendelea. Salio langu litashuka kwa milioni 4, kwa hiyo najikopesha mwenyewe. Nikiacha kazi nina siku 90. Ila kuna moja walinijibu haraka haraka: marejesho yanakatwa kila mwezi lakini yanaingizwa kwenye akaunti yangu mara moja kwa mwaka, wakati wa kufunga hesabu. Nikauliza kama kuna shida, wakasema "ni utaratibu tu". Karani, ni utaratibu tu?

#38 Karani wa Zamani
Sivyo. Uliza kabla ya kusaini. Rejesho la Januari likikaa hadi Desemba bila kukua, umepoteza miezi 11 ya ukuaji kwenye hela ambayo tayari imetoka mfukoni mwako. Nimerudia hesabu kwa 927,972 inayoingia mara moja kila mwisho wa mwaka: badala ya 5,920,000 unafika 5,665,000. Pengo linatoka 521,000 hadi kama 777,000. Karibu nusu imeongezeka, na haihusiani na riba wala soko.

Waulize marejesho ya wanachama yanakaa akaunti gani katika miezi hiyo, na faida yake anachukua nani.

#39 Mpanda Ngazi
Hapo ndipo Kibubu alipokuwa na hoja kwenye #3. Kuna mtu anakula.

#40 Kibubu Kizito
Nilisema!

#41 Dada Mizani
Ulisema ada ya usimamizi, Kibubu. Usijipe ushindi wa bure. Ila Nyota, hata kwa pengo la 777,000 bado deni la asilimia 24 ni baya zaidi. Ningesaini, halafu ningewaandikia wadhamini wa skimu barua kuhusu hayo marejesho.

#42 Msafiri wa Kesho
Mimi nisingesaini mpaka niwe na hela ya kuishi miezi mitatu pembeni. Siku 90 zinakwisha haraka.

#43 Nyota ya Jioni
Barua naiandika leo. Kusaini bado, wawili mmenivuta kushoto na kulia. Mama Ratiba, wewe mchango ulisharudisha au bado umesimama?

#44 Mama Ratiba
Nimepiga simu asubuhi hii. Wanasema fomu ya kurudisha mchango inapokelewa mwanzo wa robo ya mwaka tu.